Mama akae wapi, nani alipe nini: jibu kwa kaka

«Mdogo wangu, suala la mama linaninyima usingizi. Tuko watatu, basi tugawane sawa: miezi minne kwangu Dar, minne kwa Dada Mwanza, minne kwako Tanga. Anayekaa naye agharamie kila kitu kwenye zamu yake. Hapo hakuna atakayesema kaonewa. Habari za nyumba tutaziangalia mbele ya safari, na wewe uliyemuuguza zaidi hatutakusahau. Unaonaje?»

Shikamoo Kaka. Nimechukua siku nne kukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu nikiwa nimechoka. Nakala nimempelekea Dada pia, ili tuzungumze sote juu ya jambo moja.

Nianze na uzuri wa wazo lako, maana lina uzito. Mama alipopata kiharusi hatukukaa kikao. Mimi ndiye niliyekuwa Tanga, kazi ikaniangukia, na mwezi wa kumi na nne huu inaendelea hivyo hivyo. Wewe ndiye wa kwanza kusema wazi kwamba mtu mmoja asiachiwe. Nikiugua mimi leo, hakuna mwingine anayejua mama anameza kidonge gani saa ngapi. Halafu Dar ana wajukuu. Alipokuwa kwako Desemba, yule mdogo ndiye aliyemfanya ashike tena kijiko kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo mimi nilikuwa nikimbembeleza nalo tangu Agosti. Na nikiri: niliposoma kwamba ningepata miezi minane ya kulala usiku mzima, moyo wangu ulitulia.

Lakini usawa huo ni wetu sisi watatu. Wa kuhamishwa ni mama.

Sikukueleza yote aliporudi Januari, kwa kuwa sikutaka ionekane namlaumu mtu, na hata leo simlaumu. Usiku ule wa kwanza nilipombadilisha nguo niliona doa kwenye kifandugu, jeusi kuliko ngozi yake, la moto, gumu kidogo. Nikalibonyeza kwa kidole: halikufifia. Kwa ngozi zetu usisubiri wekundu, hauonekani. Tafuta rangi iliyozidi, joto na ugumu, kisha bonyeza. Doa lisilofifia ni kidonda kilichokwisha kuanza ndani. Lile lilipasuka siku ya tatu na lilichukua wiki saba kufunga. Alikaa kwenye gari kwa saa sita bila kugeuzwa, na kwenye kochi lenu laini alikuwa akiteleza kidogo kidogo mpaka anakalia sehemu ile ile. Kila nyumba mpya ina kochi lake, na kila mhudumu mpya anajifunza juu ya mwili wa mama.

Kuna na vile vidonge vya presha. Vilikatika kwenu siku tano, kwa sababu mimi nilidhani mtanunua na ninyi mlidhani nimefunga vya kutosha. Kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi, presha isiyotibiwa ndiyo njia fupi ya kupata cha pili. Zamu ya miezi minne ina makabidhiano matatu kwa mwaka, na makabidhiano ndiyo mahali ambapo dawa hukatika. Kufika Mwanza ni zaidi ya kilomita elfu moja barabarani. Tena wiki mbili nzima baada ya kurudi, alikuwa akiamka usiku na kuniuliza, «Hapa tumefika kwa nani?» Mimi na yeye tuko kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu baba.

Naomba usione vibaya kwa hili linalofuata. Zamu yako ingekuwa ya nani hasa? Wewe unatoka saa kumi na mbili asubuhi, unarudi usiku. Wifi naye ni mwajiriwa. Atakayemwogesha mama, atakayemvalisha, atakayemweka kwenye choo ni wifi kabla hajaenda kazini, na binti wa kazi baada ya hapo. Nawapenda wote wawili, lakini hatujawauliza. Tumegawana mafungu matatu kati yetu huku moja tumelibandika kwa mtu ambaye hakuwemo kwenye ujumbe wako.

Ili tusibishane kwa hisia, nilinunua daftari nikaandika kila nilichomfanyia mama kwa siku 14, na dakika zake. Kumwogesha na kumvalisha ni dakika 50, kwa sababu nguo inaanza kuvaliwa mkono ulio dhaifu na kuvuliwa inaanzia mkono mzima, na ule dhaifu hauvutwi kamwe, bega linachomoka. Kila mlo ni kama dakika 40: anakaa wima, anatafuna upande wa kulia, na halazwi mpaka nusu saa ipite, la sivyo anapaliwa. Ongeza kumgeuza, mazoezi, choo, kufua. Usiku anaamka mara tatu. Jumla, kwa wastani, ni saa 7 na dakika 45 kwa siku, bila kuhesabu muda wa kuwa karibu tu nikimsikiliza.

Kwenye cherehani, kabla ya kiharusi nilikuwa nikipata kama shilingi 320,000 kwa mwezi. Sasa nikijitahidi ni 110,000. Hiyo tofauti ya 210,000 ninaichangia kila mwezi, ila haipiti kwenye simu kwa hiyo hakuna anayeiona.

Kuna njia ya pili, na Dada aliwahi kuigusa: mama abaki hapa, nanyi mnilipe mshahara. Ina haki ndani yake, kwani kazi ni kazi. Mimi naiogopa. Siku nikichelewa kumgeuza, mtaniona kama mfanyakazi aliyezembea, na siku fedha ikichelewa nitajiona ninamdai mama mwenyewe. Zaidi ya hapo, mshahara hauniongezei saa hata moja ya usingizi. Ninachokosa kwanza ni mikono, ndipo fedha.

Kwa hiyo ninapendekeza mama asihame, wahame watu. Jirani yetu, yule aliyemuuguza mama mkwe wake miaka mingi, yuko tayari kuja saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana, siku sita kwa wiki, kwa 150,000 kwa mwezi. Chakula cha mama ni kama 120,000. Pampasi za usiku, mbili kwa siku kwa 1,500, ni 90,000. Bajaji ya kumpeleka mazoezini na kliniki ni 40,000, sabuni, maji na umeme 30,000. Hiyo ni 430,000. Dawa na vipimo viko kwenye kadi yako ya bima ya afya, na huo ni mchango mkubwa ambao hatujawahi kukushukuru ipasavyo.

Ninaomba wewe utoe 250,000 na Dada 180,000. Najua utashtuka, basi tuweke mipango miwili kwenye mizani. Kwa mpango wako, ukimgharamia mama kwa kiwango hicho hicho miezi minne, ungetumia 1,720,000 kwa mwaka. Kwa huu wangu ni 3,000,000, yaani 1,280,000 zaidi. Dada anaongezewa 440,000. Mimi sitoi fedha. Ninachotoa ni usiku wa mwaka mzima na kama saa nne za kila siku zitakazobaki baada ya jirani kuondoka, na cherehani haitarudi kamili. Nikifika 250,000 kwa mwezi nitashukuru. Unaweza kuniambia bado mzigo wako ni mzito, una ada za watoto watatu na mkopo. Hilo nalikubali. Kama 250,000 haiwezekani, sema inayowezekana kila mwezi bila kukatika, maana 200,000 ya uhakika inanifaa kuliko 250,000 ya kukisia. Jirani hatakuja kwa ahadi. Pengo tutaliziba kwa kumpunguzia siku, na tutajua tumepunguza nini.

Mpango wangu una kasoro moja ambayo wako hauna: wote unasimama juu yangu. Ndiyo maana sehemu ya likizo siiachii. Sheria ya kazi inakupa siku 28 kwa mwaka. Naomba kumi za mfululizo uje ulale kwenye chumba cha mama, nami niondoke kabisa niende kwa shangazi. Dada ni mwalimu, achukue wiki mbili za likizo ya Juni na mbili za Desemba, aje na watoto. Hapo wajukuu nao mama atawapata. Kuhusu kumwogesha, usihofu. Mama hatakubali mwanawe wa kiume amwogeshe, na haya yake tuilinde. Hiyo ataifanya jirani. Wewe utageuza, utalisha, utatoa dawa, utaamka mara tatu. Nitawahi kurudi siku moja kabla hujaondoka na nitakuwepo siku moja kabla hujaanza, ili nikuonyeshe namna ya kumtoa kitandani: kiti kiwekwe upande wake wa kulia, wewe usimame kushoto.

Limebaki la nyumba, na hapa ndipo ninapotofautiana nawe zaidi, ingawa najua umelisema kwa upendo. Tusiliache mbele ya safari. Sisi ni Waislamu. Mama akitangulia, mirathi yake ikibaki kwetu watatu, wewe una nusu, mimi na Dada robo robo. Hakuna fungu la aliyeuguza, na wala mama hawezi kuniusia kitu mimi niliye mrithi bila ninyi kuridhia. Sipingi hata kidogo. Lakini ndiyo sababu kinachostahili kwa uuguzi kimalizwe akiwa hai, mwezi kwa mwezi. Ahadi ya kutosahauliwa ingenifanya nianze kuhesabu nyumba kila ninapomgeuza, nanyi mngeanza kunitazama kwa jicho hilo. Sitaki hata mmoja wetu afike huko.

Na mama mwenyewe aulizwe. Maneno yake yanatoka taratibu, ila akili yake iko timamu, na asubuhi huwa mwepesi zaidi. Piga Jumamosi saa nne, ukishampa salamu nitamwekea simu sikioni, umsomee mipango yote miwili, wako kwanza. Akisema anataka Dar, nitamfungia mizigo, na daftari la dawa litakuwa juu kabisa ya begi.