Amri ya Nne

Watu wengi wanaotaja jaribio la mwanasaikolojia Stanley Milgram, lililoanza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, hulisimulia kana kwamba limethibitisha kuwa binadamu akiamriwa tu, hutii. Nami nilikuwa nikilisimulia hivyo hivyo, mpaka nilipoyasoma kwa makini maneno ambayo msimamizi wa jaribio alikuwa akiyatamka. Tangu hapo naamini kwamba amri tupu ni dhaifu kuliko tunavyodhani, na kwamba kinachomfanya mtu wa kawaida amtese mwenzake ni jambo jingine.

Mshiriki aliambiwa kwamba huo ni utafiti kuhusu kumbukumbu na adhabu. Alipewa nafasi ya mwalimu, akaketi mbele ya mashine yenye swichi 30, ya kwanza ikiwa ya volti 15 na ya mwisho ya volti 450, na kila mara mwanafunzi aliyekuwa chumba cha pili alipokosea jibu, alitakiwa kumpiga shoti kali zaidi kwa hatua ya volti 15. Umeme huo haukuwapo, na mwanafunzi alikuwa mshirika wa watafiti, lakini mshiriki hakuambiwa hayo. Katika toleo ambalo mwanafunzi alilalamikia moyo wake na kudai kufunguliwa ilipofika volti 150, washiriki 26 kati ya 40 waliendelea hadi swichi ya mwisho. Wengi wao walitetemeka, wakatokwa jasho na kubishana na msimamizi, huku mkono ukiendelea kubonyeza.

Mshiriki aliposita, msimamizi aliyevaa koti la maabara alikuwa na kauli nne, zilizopangwa kwa zamu. Ya kwanza ilimwomba aendelee. Ya pili ilisema kwamba jaribio linahitaji aendelee, na ya tatu kwamba ni muhimu kabisa aendelee. Ya nne ndiyo iliyokuwa amri hasa: huna hiari nyingine, ni lazima uendelee. Mwanasaikolojia Jerry Burger aliporudia sehemu ya jaribio hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2009, akiwasimamisha washiriki kwenye volti 150 ili wasiumie kisaikolojia, ilionekana kwamba kila aliyefikishwa kwenye kauli ya nne alikataa. Ni kweli kwamba aliyefika huko alikuwa amekwisha kusita mara tatu, kwa hiyo matokeo hayo peke yake hayamalizi ubishi. Hata hivyo, kama utii wa kupindukia ndio ungekuwa maelezo yote, tungetarajia angalau baadhi yao wainamishe kichwa mbele ya amri iliyo wazi kuliko zote.

Kauli iliyovuta watu, kwa maoni yangu, ni ya pili. Haimtaji bwana wala mtumwa, bali inataja kazi ambayo mshiriki amekwisha kukubali kuwa ni njema, yaani elimu, na inamwambia kwamba kazi hiyo inamhitaji. Anayeambiwa hana hiari hukumbuka papo hapo kwamba anayo, lakini anayeambiwa kwamba shughuli yenye heshima inamtegemea huanza kuona huruma yake kuwa udhaifu unaopaswa kushindwa, na jinsi inavyomuuma kuendelea ndivyo anavyojiona mwaminifu. Wanasaikolojia Alexander Haslam na Stephen Reicher wanalitazama jaribio kwa namna inayokaribia hii, wakisema kwamba washiriki hawakuwa vibaraka bali wafuasi waliojitambulisha na lengo la mtafiti.

Jambo hili huonekana pia pale lengo lenyewe linapopoteza sauti moja. Milgram aliweka wasimamizi wawili, na ilipofika volti 150 mmoja akasema mshiriki aendelee, mwingine akasema aache. Hakuna hata mmoja aliyefika mwisho, ingawa amri ya kuendelea ilikuwa bado inatolewa.

Zipo kasoro ambazo mtetezi wa jaribio hapaswi kuzificha. Baadhi ya washiriki walishuku kwamba umeme si wa kweli, na kumbukumbu za sauti zinaonyesha kwamba msimamizi hakubaki daima ndani ya zile kauli nne. Ndiyo maana siichukulii idadi ya 26 kati ya 40 kuwa kipimo cha ukatili wa wanadamu wote. Tofauti kati ya toleo moja na jingine ndiyo inayonifunza zaidi.

Toleo linalonisumbua kuliko yote ni lile ambalo msimamizi aliondoka chumbani na kutoa maagizo kwa simu. Utii ulishuka hadi takriban mtu mmoja kati ya watano, lakini miongoni mwa wasiotii walikuwamo waliobonyeza swichi ndogo kabisa huku wakimhakikishia msimamizi kwamba wanapandisha volti kama alivyoagiza. Waliweza kukataa kumwumiza mtu, ila hawakuweza kumwambia mkubwa wao kwamba wamekataa.