Jedwali la Chanzo Si Ripoti ya Bodi

"Karatasi yetu ya Excel ya mapokezi ya maziwa inasomeka vizuri na wajumbe wa bodi wameizoea. Kwa nini tuivunje iwe orodha ndefu ambayo hakuna mtu atakayeisoma?" Ndivyo alivyouliza katibu wa ushirika mmoja wa wafugaji.

Nianze na karatasi yenyewe, maana wanaoisema vibaya mara nyingi hawajawahi kuijaza. Juu kabisa kuna kichwa cha habari kilichotandazwa kwenye upana wote wa karatasi. Chini yake kuna siku, "Jumatatu 3/6/2024" na kuendelea, kila siku ikiwa imefunika kolamu tatu: Asubuhi, Jioni, Jumla. Upande wa kushoto kuna vijiji, kila kijiji kikiwa seli moja ndefu iliyounganishwa mbele ya wanachama wake wote. Tuseme wanachama ni 40, na kijiji cha kwanza, Mlimani, kina 12.

Karatasi hiyo ina mambo mawili ya maana. Mpokeaji anayesimama kwenye mzani saa kumi na mbili asubuhi anateremka na kolamu moja na kuandika lita tu, bila kurudia tarehe wala namba ya mwanachama mara 40. Na pengo linaonekana kwa macho: kama seli ya mwanachama wa kumi na nne iko tupu, unauliza papo hapo kama hajaja au amesahauliwa. Orodha ndefu haina seli tupu ya kukushtua, kwa sababu mstari ambao haukuandikwa haupo. Atakayetetea kanuni za jedwali la chanzo, yaani orodha ndefu yenye jambo moja kwa kila mstari ambamo ripoti zote hutolewa, bila kukiri haya mawili hatasikilizwa na watu wa kwenye mzani, na watakuwa na haki.

Sasa tuiulize karatasi hiyo swali jepesi: wanachama wa Mlimani walileta lita ngapi Jumatatu? Vijiji viko kolamu A, jumla ya siku iko kolamu E, na wanachama wanaanzia mstari wa 4 hadi wa 43. Mtu yeyote anayeijua Excel ataandika hivi:

```
=SUMIFS(E4:E43,A4:A43,"Mlimani")
```

Jibu litakuja, na litakuwa lita za mwanachama mmoja. Excel inapounganisha seli 12, neno "Mlimani" linabaki kwenye seli ya juu peke yake. Nyingine 11 ni tupu, hata kama jicho lako linaona kijiji kimoja kilichotanda. Kama mwanachama wa kwanza alileta lita 10 na kijiji kizima kilileta lita 118, fomula itakuambia 10. Haitatoa onyo wala alama ya kosa. Ukichuja kolamu A kwa "Mlimani", utabaki na mstari mmoja vilevile.

Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kokote, kwa sababu watu hudhani seli zilizounganishwa ni ubaya wa sura, jambo la ladha ya mtu. Makosa mengine yanayotokana nazo yana heshima ya kujitangaza. Jaribu kupanga wanachama kwa wingi wa lita, Excel itakataa na kudai seli zote zilizounganishwa ziwe na ukubwa mmoja. Jaribu kutengeneza PivotTable, jedwali la muhtasari la Excel, juu ya vichwa vya mistari miwili vyenye sehemu tupu, utaambiwa jina la kolamu si sahihi. Hayo yanakera, lakini hayadanganyi. Ile 10 badala ya 118 inadanganya. Inaingia kwenye ripoti, ripoti inaingia kwenye mgawanyo wa gharama za usafiri kwa kijiji, na hakuna atakayeistukia mpaka mtu wa Mlimani apige hesabu yake kwa kalamu.

Kolamu ya Jumla nayo ina mtego wake. Mwanachama aliyeleta lita 6 asubuhi na 4 jioni ana 10 kwenye Jumla. Mwisho wa wiki mtu akijumlisha mstari mzima kutoka kushoto hadi kulia, Jumatatu ya mwanachama huyo inahesabiwa 20. Ukiona jumla ya wiki ni mara mbili kamili ya maziwa yaliyopakiwa, umelipata kosa. Lakini ikiwa baadhi ya siku zina kolamu ya Jumla na nyingine hazina, uwiano huo haupo na kosa linajificha.

Jedwali la chanzo kwa habari hiyohiyo ni hili:

```
Tarehe,Awamu,Mwanachama,Lita
2024-06-03,Asubuhi,M014,6
2024-06-03,Jioni,M014,4
2024-06-03,Asubuhi,M015,8.5
```

Mstari mmoja wa vichwa, kila kichwa na jina lake, na kuanzia mstari wa pili ni habari peke yake. Kanuni inayoleta ubishi ni ile ya jambo moja kwa kila mstari, kwa sababu lazima kwanza ukubaliane na wenzako jambo lenyewe ni lipi. Hapa ni hili: mwanachama fulani, tarehe fulani, awamu fulani, alipimiwa lita kadhaa. Siku nzima ya mwanachama haifai kuwa mstari mmoja, kwa sababu maziwa ya jioni yanaweza kukataliwa kwenye kipimo wakati ya asubuhi yalipokewa. Ukiyaweka pamoja huna pa kuandika hilo isipokuwa kwa kuongeza kolamu nyingine, na kesho nyingine tena.

Kipimo hicho cha jambo moja ndicho kinachokuambia pia kisichostahili kukaa humo. Chukua bei. Tuseme ilikuwa shilingi 900 kwa lita tangu tarehe 1 Juni, ikapanda hadi 1,000 tarehe 16. Wengi huongeza kolamu ya Bei na kuiandika kwenye kila mstari. Lakini bei hiyo haihusu pipa la M014, inahusu kipindi. Mahali pake ni jedwali dogo la pembeni lenye mistari miwili, tarehe ya kuanzia na bei, kisha kila mstari wa mapokezi uichukue kwa fomula:

```
=LOOKUP(A2,Bei!$A$2:$A$3,Bei!$B$2:$B$3)
```

Bodi ikibadili bei, unaongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya Bei na kurefusha eneo la fomula mpaka uufikie, badala ya kurekebisha mamia ya mistari na kuacha mitatu. Kama kituo kinalipa kwa ubora, kila pipa likipewa bei yake pale mzani ulipo, mambo yanageuka: bei sasa ni habari ya pipa hilo na inarudi kwenye mstari wake. Kijiji kinafuata mantiki ileile. Ni habari ya mwanachama, basi kikae kwenye orodha ya wanachama, kimeandikwa kamili mbele ya kila mmoja wa wale 12.

Upande wa pili una hoja nzito, na huwa unaileta kwa mfano wa Uingereza. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye takwimu za kila siku za nchi hiyo. Mafaili ya majibu ya maabara yalikuwa yakipitia muundo wa zamani wa Excel, XLS, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Kwa ilivyoripotiwa, kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, hivyo faili moja likatosha watu wapatao 1,400 tu, na waliozidi wakaachwa nje. Matokeo hayakuwa ya makaratasi peke yake, kwani kuwatafuta waliokaribiana na watu hao kulichelewa. Ndiyo hasara ya orodha ndefu, wanasema: inakua kwa kasi usiyoiona, na siku ikifika ukingoni hujui.

Nimeutafakari sana mfano huu na siupuuzi. Ni kweli kabisa kwamba kurefusha jedwali kuna gharama, na kwamba mwenye jedwali refu anapaswa kujua sakafu yake iko wapi. Lakini tuweke hesabu za kituo chetu mezani. Wanachama 40, awamu mbili, siku 365, ni mistari 29,200 kwa mwaka ikiwa hakuna anayekosa hata mara moja. Kwa XLS ya zamani utaishiwa nafasi katika mwaka wa tatu. Kwa XLSX, yenye mistari 1,048,576, una nafasi ya zaidi ya miaka 35, ingawa kompyuta yako itaanza kulemewa mapema kuliko hapo. Kilichoangusha takwimu za Uingereza ni chombo kilichojaa bila mtu kulinganisha kilichoingia na kilichotoka. Ulinganisho huo, kwenye orodha ndefu, ni mwepesi: hesabu mistari ya leo yenye lita zilizopokewa, uilinganishe na stakabadhi za mzani. Kwenye karatasi yenye jumla ndogondogo katikati na seli zilizounganishwa, hata swali "tuna kumbukumbu ngapi?" halina jibu la haraka.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa orodha, na simnyang'anyi mpokeaji karatasi yake. Aendelee kujaza gridi, mradi ibadilishwe kidogo: kichwa cha habari kihamishiwe kwenye jina la karatasi, kolamu za Jumla ziondolewe, vijiji viondoke, na kila kolamu ya awamu iwe na kichwa kimoja kamili kama `2024-06-03 Asubuhi`. Gridi hiyo ukiipitisha kwenye Power Query ya Excel, ukachagua kolamu ya Mwanachama na kubonyeza `Unpivot Other Columns`, inageuka orodha ndefu yenyewe. `Split Column` kwenye nafasi kati ya tarehe na awamu inakupa kolamu zako nne, kisha unamletea kila mwanachama kijiji chake kutoka kwenye orodha ya wanachama. Bodi nayo itapata sura yake ileile ya zamani kwa PivotTable, vijiji kushoto na siku juu, safari hii ikiwa na jumla za kweli.

Jambo moja linahitaji kuamuliwa kwenye mzani kabla ya hapo. `Unpivot` hutupa seli tupu bila kusema. Mwanachama ambaye hakuleta maziwa na mwanachama aliyesahaulika kuandikwa wote watatoweka kwa namna moja, na lile pengo ambalo gridi ilikuwa ikilionyesha vizuri litapotea njiani. Mpokeaji aandike 0 kwa asiyeleta, aache tupu kwa ambaye bado hajaandikwa, na asiandike "hakuja" kwa maneno, kwa sababu neno ndani ya kolamu ya Lita litageuka kosa mara kolamu itakapowekwa kuwa ya namba. Maziwa yaliyokataliwa nayo yaandikwe 0, na sababu yake iingie kwenye karatasi ya pili yenye tarehe, awamu, namba ya mwanachama na kilichoonekana kwenye kipimo.