Freti ya tatu na freti ya nne: rangi ya rifu iko hapo tu

Msimamo wangu kuhusu modi ni huu, na najua kuna wanaofundisha gitaa hapa Dar hawataupenda: kumkaririsha mtu modi, yaani ngazi za nota kama miksolidiani na doriani, kama mipangilio ya vidole, zote saba, kutoka juu ya shingo ya gitaa mpaka chini, ni kumpotezea muda. Mimi nilikariri hivyo hivyo, nikawa napanda na kushuka kwa spidi, ila mtu angenipigia rifu mbili, vile vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa, akaniuliza ipi ni ipi nisingejua. Sababu ni kwamba ukipiga ngazi ya C meja ukaanzia G huku besi imekaa kwenye C, sikio linasikia C meja basi, hakuna modi hapo. Modi inakuja pale ambapo kuna nota moja imeshikiliwa chini kama ndo makazi ya wimbo, alafu nota nyingine zinapimwa kutoka hapo.

Kilichonifungua macho ni mazoezi ya bendi yetu Sinza. Tulikuwa na rifu ya D, nzito, ya kiroki kabisa: waya wa nne wazi mara mbili, unashuka C kwenye waya wa tano freti ya tatu, unarudi D, unagusa F shapu freti ya nne, unamalizia G. Chodi zake D, C, G, kisha D tena. Mpiga kinanda wetu amekulia kwaya ya kanisa, ana sikio zuri kuliko sisi wote, na kila raundi ikikaribia kurudi D alikuwa anaweka A meja, kwa sababu nyimbo alizokulia nazo zinafunga hivyo, kwa solfa nota ya so inakupeleka do. Sasa kila akiweka hiyo A rifu ilikuwa inakwaruza, na hata pale isipokwaruza ilikuwa inageuka kama pambio, ule ubabe wake wote unapotea. Mpiga besi akasimamisha, "Oya kaka, hebu nishikie hiyo chodi ya mwisho tu." Akaishika. Mimi nikapiga C yangu juu yake na wote tukaisikia: ndani ya A meja kuna C shapu, mimi napiga C ya kawaida, zimeachana freti moja, zinagombana.

Kwa hiyo nikakaa chini na gitaa, na hapa naomba kama una gitaa ulishike, maana kwenye kii ya D mambo yote haya yamekaa freti mbili tu. Waya wa tano: freti ya tatu ni C, ya nne ni C shapu. Waya wa nne: freti ya tatu ni F, ya nne ni F shapu. Waya wa tatu: freti ya tatu ni B flati, ya nne ni B. Nota nyingine za D unaziacha kama zilivyo. Ukiweka zote tatu kwenye freti ya nne hiyo ni D meja ya kawaida, ile ya kwaya. Ukirudisha waya wa tano peke yake kwenye tatu umepata miksolidiani. Rudisha na waya wa nne, umepata doriani. Rudisha na wa tatu, umefika maina ya kawaida, yenye huzuni kamili. Yaani kati ya miksolidiani na doriani kuna nota moja tu, F shapu au F, na watu wa solfa wataelewa haraka zaidi nikisema D ni do, ti imekuwa ta kwenye zote mbili, na kwenye doriani mi nayo imekuwa ma.

Sasa kwa nini ta inabadilisha rangi hivyo? C shapu iko freti moja chini ya D, na ukaribu huo ndo unaofanya sikio lidai ipande, ukiishia kwenye ti kila mtu chumbani anasubiri do. C iko freti mbili chini, haidai kitu, inaweza kukaa pale au ikarudi D kwa muda wake. Rifu ni kitu kinachozunguka, kinarudiwa mara nane, mara kumi na sita, na kila ukiweka ti unakuwa kama unafunga wimbo kila baada ya sekunde chache. Ukiweka ta, inazunguka bila kufunga, na F shapu inabaki pale kuifanya ichangamke. Ndo maana naamini roki imeipenda sana hii modi. Mpiga kinanda alichofanya ni kutoa A na kuweka C, siku nyingine Am, na ugomvi ukaisha.

Na rangi sio lazima iwe ndani ya rifu yenyewe, hili wengi wanalikosa. Ile rifu ya mwanzo ya Sweet Child o' Mine ya Guns N' Roses, ya 1987, vidole viko D ingawa gitaa zimeshushwa nusu toni, sikiliza nota zake: D, A, G, F shapu, na nota ya kuanzia inayobadilika kuwa E kisha G. Hakuna C hata moja. C inaletwa na chodi inayoingia chini, D, C, G, na hapo ndo rangi ya miksolidiani inapokaa. Ukiipiga peke yako chumbani ni meja isiyo na uamuzi.

Doriani nayo siri yake ni waya wa tatu. Wengi wakishaona F wanasema hii maina, wanaweka Dm na B flati, wimbo unainamisha kichwa. Weka Dm na G meja. Ndani ya G kuna B, la ya kawaida, na kwa hiyo chini kuna giza la Dm alafu juu yake kuna chodi ya meja inayowaka, zinapishana bila wimbo kuhama D. Santana aliirekodi Oye Como Va ya Tito Puente mwaka 1970 na sehemu kubwa ni Am na D tu, mwendo huo huo kwenye kii ya A, F shapu ya ndani ya D ndo inayokufanya ucheze badala ya kulia.

Ila msiwe watumwa wa majina. Rifu nyingi za roki zina D, F, G, A na C peke yake, hazina B ya aina yoyote, kwa hiyo kuiita doriani ni kubahatisha, subiri uone chodi au sauti ya mwimbaji itagusa B ipi. Za bluzi zinachanganya F na F shapu ndani ya mstari mmoja, mtu anavuta waya katikati ya hizo mbili, hapo acha. Na D, C, G zenyewe ukizikalisha G muda mrefu kuliko D, sikio linahamia G na miksolidiani yako imeshakuwa G meja. Kipimo chetu ni kusimamisha bendi ghafla katikati ya rifu na kila mtu aimbe nota anayoona wimbo ungetulia. Wiki iliyopita watatu waliimba D, mpiga besi akaimba G, tukagundua kumbe yeye alikuwa anakaa G mapigo mawili zaidi kila raundi.