Dirhamu 2,500 Zilizoshindwa na 1,500

Jumapili nilifika kwa dada yangu, Moshi, nikakuta ng'ombe mmoja hayupo zizini. Kauzwa, mpwa wangu amlipe wakala milioni 2.4. "Anko, Dubai, hotelini, dirhamu 2,500!" Nikauliza swali lililochachusha mbege ya watu: utalala wapi?

Kumbe alikuwa na mikataba miwili mkononi. Wa kwanza mshahara 1,500, na kitanda, chakula na basi la kazini ni juu ya mwajiri. Huo kaukataa. Wa pili ni 2,500, malazi na chakula ujitegemee. Ukoo mzima ukapiga makofi, maana 2,500 ni kubwa kuliko 1,500. Hongereni, darasa la kwanza mmefaulu.

Nikaomba kalamu. Rafiki yake aliye kule ndiye aliyetutajia bei: kitanda (kitanda, si chumba) 700, chakula 500, nauli 250, simu na sabuni na vikorokoro 200. Jumla 1,650. Zinabaki 850, na nikiipa dirhamu shilingi 700, hiyo ni 595,000. Kwenye ule wa 1,500 unatoa vikorokoro tu, zinabaki 1,300, yaani 910,000. Sasa tandaza pesa ya ng'ombe kwenye miezi 24 ya mkataba, laki moja kila mwezi. Akiba halisi: 495,000 kwa mshahara "mkubwa", 810,000 kwa ule "mdogo". Kwa miaka miwili ni tofauti ya milioni saba na nusu na ushee. Kimya kikatanda, nikasikia hadi kuku.

Na hapa nyumbani? Hoteli ya Arusha inamlipa 700,000. Toa 70,000 ya NSSF na 42,000 ya PAYE, anabaki na 588,000. Mwenyewe anakiri akibana anaweka laki mbili. Ila wote tunasahau kwamba mwajiri naye anamwekea 70,000 NSSF juu ya ile 70,000 yake, kwa hiyo ukijumlisha na laki mbili akiba yake ni 340,000. Kwa hiyo anaacha nyumbani, anaenda kulala kitanda cha juu na watu asiowajua, kwa nyongeza ya 155,000.

Sawa, nakubali: kule mshahara haukatwi kodi, na akimaliza mwaka ana kiinua mgongo cha siku 21. Lakini kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi. Nikafungua karatasi ya 2,500: msingi 1,000, iliyobaki posho. Ule wa 1,500 msingi ulikuwa 1,200! Hata hapo kapigwa.

Tiketi ya kurudi likizo haikutajwa popote. Na sheria ya kule inakataza mwajiri kumtwika mfanyakazi gharama za kumwajiri, basi hizo milioni 2.4 ni za nini hasa?

Nikamwambia ampigie wakala palepale, aulize kama nafasi ya 1,500 bado ipo. Leo ni Alhamisi. Simu inaita tu. Dada naye kaanza kumwulizia yule ng'ombe kwa mnunuzi.