Kumzawadia Adui Miji Si Ugumu

Kwenye kundi letu la WhatsApp yupo jamaa ambaye kila gemu jipya linapotoka Ijumaa, Jumatatu anatuma picha ya skrini ya mwisho na neno moja chini yake: "Jingine." Hatumlaumu, ameshacheza miaka mingi na mikono yake inajua njia. Kilichonipandisha presha ni ushauri aliopewa juzi. Watu wazima, wenye akili zao, wakamwambia arudi Civilization VI acheze kwa Deity, kiwango chake cha juu kabisa cha ugumu, eti hapo ndipo kwenye kina.

Kina gani? Deity ni hivi: wewe unaanza na mlowezi mmoja wa kujenga mji, kompyuta inaanza na watatu. Kila askari wake ana nguvu 4 za nyongeza dhidi ya wako, uzalishaji wake umepandishwa, sayansi yake imepandishwa. Mpinzani hajapata akili hata kidogo. Amepewa mtaji wa bure na mjomba aliyeko serikalini. Mchezaji mkongwe akishajifunza kuzuia lile wimbi la kwanza, zamu zinazobaki ni zilezile alizozizoea. Atamaliza, na atatuma "Jingine."

Mtu anayemaliza magemu haraka hana shida ya maadui wepesi. Shida yake ni kwamba akishaujua mfumo mmoja, mifumo mingine yote inabaki palepale ikimsubiri. Dawa yake ni gemu ambalo ukivuta uzi mmoja, nguo nzima inakunjamana. Nami kwa hilo nina jibu moja tu, Europa Universalis IV, gemu la kuongoza nchi kwenye ramani ya dunia, tena lichezwe kama Kilwa.

Ndiyo, Kilwa yetu. Gemu hili la kampuni ya Paradox, la mwaka 2013, linaanza Novemba 1444, na usultani wa Kilwa upo pale kwenye ramani, uko hai na unachezeka. Ukimchukua Mturuki utashinda huku unakunywa chai. Ukichukua Kilwa utaanza kuhesabu.

Mwaka jana mpwa wangu alikaa na Kilwa yake, kijana mwepesi wa mikono, akafanya kile ambacho kila mtu angefanya: akapanda bara akaikamata dhahabu ya Mutapa. Mapato yakaruka. Miaka mingi ya gemu baadaye akaniita. "Mjomba, hebu njoo uone. Nina hela mpaka zinamwagika, mbona nachapwa?" Nikaangalia juu ya skrini. Mfumuko wa bei asilimia 14. Pointi za utawala 11.

Hapo ndipo utamu ulipo, na ningeomba mnivumilie. Gemu hili lina mifuko mitatu ya pointi: utawala, diplomasia na jeshi. Kila mwezi unapata 3 za kila mfuko, unaongeza uwezo wa mtawala wako, kati ya 0 na 6, kisha unaongeza mshauri uliyemwajiri. Mtawala wa kijana alikuwa na 2 za utawala na mshauri wa daraja la kwanza, kwa hiyo 6 kwa mwezi, 72 kwa mwaka. Huo ndio mshahara wake wote. Hela hazinunui pointi hizo moja kwa moja, isipokuwa kwa kuajiri mshauri ghali zaidi.

Sasa tazama waliopanga foleni kwenye mfuko huo mmoja. Teknolojia ya utawala ni kama pointi 600, yaani miaka minane na ushee ya kungoja bila kugusa kitu kingine. Jimbo uliloliteka ni lazima ulihalalishe liwe lako, na bei yake ya msingi ni pointi 10 kwa kila kiwango cha maendeleo, hivyo jimbo la kiwango cha 10 linakula pointi 100. Na dhahabu, ile iliyomtajirisha, ndiyo inayopandisha mfumuko: kadiri inavyokuwa sehemu kubwa ya mapato, ndivyo bei za askari, meli na majengo zinavyopanda. Kushusha mfumuko asilimia 2 ni pointi 75 za utawala. Asilimia 14 ni mara saba, pointi 525, zaidi ya miaka saba ya mshahara ule. Ushindi wake ulikuwa umekula mfuko uleule ambao ungeutibu.

Halafu kuna taasisi, yaani mawazo mapya yanayosambaa toka nchi hadi nchi. Renesansi inazaliwa Italia kuanzia 1450, na usipokuwa nayo gharama ya teknolojia inakupandia taratibu mpaka asilimia 50. Pointi 600 zinakuwa 900. Kilwa iko mbali, na ukikaa kusubiri ikufikie yenyewe utazeeka. Wakongwe wanajua njia: unamwaga pointi kwenye jimbo moja, unalikuza mpaka taasisi inachipuka humohumo. Uzuri ni kwamba kukuza uzalishaji kunatumia diplomasia na kukuza nguvu kazi ya jeshi kunatumia pointi za jeshi, kwa hiyo utawala unaweza kupumzika.

Lakini ili uipokee rasmi, majimbo yenye taasisi hiyo yawe na angalau asilimia 10 ya maendeleo ya nchi yako yote. Nchi ikiwa ndogo, jimbo moja lililonona linatosha. Kijana alikuwa ameshapanuka mpaka Zambezi, jimbo lake moja halikufika popote. Kukua mapema kulikuwa kumemfungia mlango, na hakuna ujumbe wowote uliotokea kumwambia.

Tulijaribu upya toka mwanzo. Safari hii akakuza mji kwanza, akapokea Renesansi, ndipo akapanda bara. Akachukua majimbo ya dhahabu tu, sehemu iliyobaki akaiachia nchi ndogo aliyoifanya kibaraka wake. Kibaraka anahalalisha mwenyewe majimbo yake, na miaka kumi ikipita unaweza kumeza nchi yake kwa pointi za diplomasia, si za utawala. Alipoona mfuko wa utawala umefika 400 na mfumuko uko chini ya 3, alicheka peke yake kama chizi. Wareno, ambao mwaka 1505 wa kweli waliuteka mji ule, safari hii walikuta mizinga.

Ya biashara sitayagusa, ila mjue mishale yake kwenye ramani haigeuki, na mali ikishapita Zanzibar bila wewe kukusanya, hairudi.

Haya, niyaseme na mabaya, msije mkanisuta. Nyongeza za kulipia ni nyingi mno na jumla ya bei ni aibu. Mafunzo yaliyomo ndani ya gemu hayafundishi kitu. Kompyuta ya mpinzani hapa nayo inapendelewa kidogo ukipandisha ugumu, sawa, nakubali, ila iacheni kwenye kiwango cha kawaida na bado mtatoka jasho. Na ukishafika miaka ya 1650 ukiwa mkubwa, hakuna wa kukuzuia, inabaki kazi ya kufagia, huku laptopu ya kawaida inapumua kama bodaboda inayopanda mlima. Gemu linakwenda mpaka 1821. Mimi hufunga mapema zaidi, siku nikiona sihesabu tena pointi, na kesho yake naanza nchi nyingine.

Jamaa wetu nimeshamtumia jina la gemu na neno Kilwa. Ameuliza lina saa ngapi. Nimemjibu acheze na Ironman ikiwa imewashwa, ile isiyokuruhusu kurudi nyuma ukishakosea, halafu Jumatatu aniambie mfumuko wake ni asilimia ngapi.