Choo cha mlimani Mwanza: shimo, septiki au bomba?

"Kiwanja changu kipo juu ya mawe Mabatini, na tupo watu wanane. Nichimbe shimo, nijenge septiki, au nivute bomba la majitaka?"

Sururu ndiyo itakayoamua kwanza. Tuseme umegonga jiwe kwenye mita moja na nusu. Shimo la kipenyo cha mita moja, ukiacha nusu mita ya juu, linabakiwa na nafasi ya lita 785 hivi. Mtu mmoja huacha takriban lita 50 za tope kwa mwaka. Wanane ni 400. Miaka miwili haifiki, limejaa, na gari la kunyonya halipandi ngazi za mawe. Hapo ndipo watu hungoja mvua kubwa usiku watapishe choo, mzigo uteremke Mto Mirongo hadi ziwani. Kosa si la shimo lenyewe. Kwenye tambarare yenye udongo wa kutosha, mbali na kisima, ni choo kizuri, tena hakidai maji.

Septiki inapendwa kwa sababu inaonekana ya kisasa. Ndani yake tope huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka yakiwa bado yamejaa vimelea. Kazi iliyobaki hufanywa na udongo wa shimo la kunyonya, na wewe udongo huo huna. Maji yatatambaa juu ya mwamba, yaibukie uani kwa jirani wa chini. Jaribu hivi: chimba nusu mita, jaza maji jioni, asubuhi jaza tena. Yakikaa saa kadhaa bila kushuka, usinunue hata tofali.

Kwa bomba, mteremko unakufaa. Baadhi ya vilima vya jiji vina mabomba membamba yanayopita uani, chemba hadi chemba, na kuna mabwawa ya majitaka Butuja, Ilemela. Mfumo wa mabwawa huanza na chujio la nondo linalokamata matambara na chupa, kisha mchanga hutuama. Bwawa la kwanza huwa na kina kirefu, na bakteria wasiohitaji hewa hulila tope. Linalofuata ni la kina kifupi: mwani hutoa oksijeni juani, bakteria wengine huitumia kumalizia uchafu, na mabwawa ya mwisho huachia jua liue vimelea. Kijani ni dalili njema. Likigeuka zambarau na kunuka mayai viza, limezidiwa. Hata likifanya kazi vizuri, nitrojeni na fosforasi nyingi hupita, na magugu maji yanazipenda.

Bomba nalo lina masharti. Siku ya mgao wa maji kinyesi hukwama njiani, na mchanga wa kusugulia sufuria ukimwagwa kwenye sinki huziba chemba ya mtaa mzima.

Mimi ningevuta bomba kama chemba ipo karibu. Kama haipo, ningeiruka septiki, nijenge choo cha shimo kilichonyanyuliwa juu ya jiwe, chenye kuta za tofali na tundu la kutapishia lililofunikwa, likielekea njia ambayo pampu ya mkono na pipa vinaweza kufika.