Fulana Iliyojibu Dodoso

Wiki iliyopita nilitumiwa ripoti ya kurasa nne na mtu ninayemheshimu, ambaye miezi mitatu iliyopita aliingiza biskuti zake za nazi katika maduka ya Dar es Salaam. Ukurasa wa kwanza ulitangaza kwa herufi nene kwamba asilimia 78 ya wakazi wa jiji wanaifahamu chapa yake. Waliohojiwa walikuwa watu 60, wote katika kituo cha daladala cha Mwenge, asubuhi ya Jumamosi moja, na 47 kati yao walijibu ndiyo. Jiji zima, basi, lilikuwa limesimama pale Mwenge likisubiri gari la Mbagala.

Kilichoniudhi zaidi kilikuwa picha ya ukurasa wa pili. Wahojaji wawili walikuwa wamevaa fulana za njano zenye jina la biskuti kifuani, na swali lao la kwanza lilikuwa, "Je, unazifahamu biskuti hizi?" Mmoja wao alinisimulia, huku akicheka, kwamba mama mmoja aliyebeba kikapu cha nyanya alimtazama kifuani akamjibu, "Mwanangu, si limeandikwa hapo?" Akawekewa alama ya ndiyo.

Ufahamu wa chapa una ngazi, na anayezichanganya hapimi chochote. Ngazi ngumu ni ya mtu kulitaja jina mwenyewe anapoulizwa tu, "Ukitaka biskuti, ni zipi zinakujia akilini?" Ngazi rahisi ni ya kulitambua jina baada ya kusomewa. Swali la kwanza lazima litangulie, kwa sababu ukishalitamka jina huwezi kulitoa tena masikioni mwa mtu. Mhojaji anapaswa pia kuandika jibu kama lilivyotamkwa, maana wengi wetu hununua biskuti kwa aina: "zile za glukosi", "zile za maziwa". Katika madodoso yale, kila aliyesema "zile za nazi" alihesabiwa kuwa ameitaja chapa ya rafiki yangu, kana kwamba hakuna mwingine aliyewahi kutia nazi kwenye unga.

Kwa kuwa maneno yangu hayakumridhisha, nilirudi Mwenge Jumamosi iliyofuata na vijana wale wale, safari hii wakiwa na mashati ya kawaida na bila kisanduku cha kuonja. Walimsimamisha kila mtu wa kumi aliyepita kwenye nguzo tuliyoichagua, wala si yule aliyeonekana mchangamfu, mpaka wakatimia 60. Walioitaja chapa wenyewe walikuwa 4. Kisha tuliwasomea majina matano, moja likiwa "Mirinjo", jina nililolibuni usiku uliotangulia. Walioitambua biskuti yetu walikuwa 27, na walioitambua Mirinjo walikuwa 16. Bwana mmoja alieleza kwa utulivu kwamba Mirinjo ni nzuri ila sukari imezidi. Hakuwa na nia ya kudanganya. Mtu akisimamishwa barabarani na kijana mwenye kalamu huona ni adabu kukubali, na jina likisikika kama la biskuti, kukubali kunakuwa rahisi zaidi.

Kwa sababu hiyo, waliosema wanaijua yetu tuliwauliza pia rangi ya pakiti. Walioipata walikuwa 11, yaani asilimia 18 hivi ya wote. Hata hiyo 18 haisimami peke yake, kwa kuwa kwa watu 60 ukweli unaweza kuwa popote kati ya takribani asilimia 10 na 30. Hesabu hiyo nayo inawachukulia wapita njia wa Mwenge kama watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, jambo ambalo si kweli. Hawamo wanafunzi, ambao ndio walaji wakubwa wa pakiti ndogo na ambao huwezi kuwahoji bila idhini ya wazazi, wala hawamo wanaonunua Tandika au Gongo la Mboto.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba utafiti mdogo una kazi yake. Watu 60 walitosha kabisa kuonyesha kwamba 78 ilikuwa ndoto. Wanaweza pia kuonyesha badiliko kubwa, mathalani kutoka 11 hadi 30, mradi kituo, siku, saa na mpangilio wa maswali visibadilike. Badiliko la kutoka 11 hadi 14 halisemi lolote, hata likichorewa mshale wa kijani.

Tumekubaliana kurudia baada ya matangazo yake ya redio kumalizika, kwenye nguzo ile ile na kuanzia saa tatu asubuhi kama tulivyofanya. Jina la uongo litakuwa jipya, kwa kuwa Mirinjo sasa ina watu 16 wanaoifahamu. Fulana za njano nimeomba zibaki ofisini.